Taa Inayozima Bila Wewe Kuona

Mtu aliyeshinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi, macho yakianza kuuma jioni, hufanya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu angelifanya: hupunguza mwangaza wa skrini. Mara nyingi husaidia. Lakini zipo skrini, na si chache, ambazo ukizipunguzia mwangaza ndipo zinapozidi kukuumiza, hata ukaishia kuamini kwamba macho yako ndiyo mabovu. Sababu yake haiandikwi kwenye boksi, na muuzaji mara nyingi haijui. Inatokana na namna taa iliyo ndani ya skrini inavyofifishwa.

Tuanze na taa yenyewe. Kioo cha monita ya kawaida ya ofisini, ile bapa ya LCD, hakitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kama ya pazia: kuzuia mwanga hapa na kuupitisha pale. Mwanga wenyewe unatoka kwa safu ya taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni mwa fremu au nyuma ya kioo. Ukibonyeza kitufe cha mwangaza ukashusha kutoka 100 hadi 30, kioo hakijaguswa. Kilichobadilika ni zile taa.

Kuna njia mbili za kuzifanya taa hizo zitoe mwanga mdogo. Ya kwanza ni kuzipunguzia umeme unaopita ndani yake. Umeme ukipungua, mwanga nao unapungua, na taa inaendelea kuwaka bila kukatika. Mafundi huiita njia ya DC. Ya pili ni kuiacha taa iwake kwa nguvu zake zote, kisha kuizima, kisha kuiwasha tena, mara nyingi sana ndani ya kila sekunde. Jicho haliwezi kuufuata mwendo huo, hivyo linajumlisha vipindi vya mwanga na vya giza na kuona wastani wake. Ukitaka nusu ya mwangaza, taa inawaka nusu ya muda. Ukitaka robo, inawaka robo ya muda, na robo tatu zilizobaki inakuwa imezimwa. Njia hii ndiyo inayojulikana kwa herufi PWM.

Tuiangalie kwa hesabu ya skrini moja. Monita nyingi za LED za miaka ya 2010 hadi 2014 zilikuwa zinawasha na kuzima taa yake kati ya mara 180 na 240 kwa sekunde. Tuchukue ile ya 240. Kila mzunguko wa kuwaka na kuzima unachukua milisekunde 4 na kidogo. Ukiweka mwangaza kwenye asilimia 25, taa inawaka milisekunde 1 hivi, halafu kunakuwa giza tupu kwa milisekunde 3, kisha inawaka tena. Ukiipandisha hadi 100, haizimi kabisa. Sasa unaona kwa nini anayeipunguza skrini ya aina hii ili apumzishe macho anapata kinyume chake. Kadiri anavyoshusha mwangaza, ndivyo kila kipindi cha giza kinavyorefuka na tofauti kati ya mwanga na giza inavyokuwa kali.

Wahandisi walioichagua njia hii hawakuwa wazembe. LED ikipunguziwa umeme, rangi yake hubadilika kidogo, na ikipunguziwa sana, taa mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazitoi mwanga sawa, kwa hiyo upande mmoja wa skrini unaweza kuonekana na kiwingu. Ukiiwasha na kuizima, kila inapowaka inawaka kwa umeme uleule, rangi inabaki ileile, na mwangaza unashuka kwa usawa hadi chini kabisa. Saketi yake ni rahisi na bei yake ndogo. Mwendo wa polepole nao ulikuwa na sababu. Taa ikiwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, vile vipindi vya kuwaka vinakuwa vifupi mno kwa saketi ya bei nafuu kuvipima sawasawa, na kasi ya maelfu ya mara kwa sekunde inaweza kufanya vifaa vya ndani vitoe mlio mwembamba unaosikika. Mara 200 na kitu kwa sekunde ilionekana inatosha, kwa kuwa hakuna anayeiona kwa kuitazama tu.

Na kweli, kwa muda mrefu ilitosha. Kabla ya LED, monita bapa zilikuwa na mirija myembamba iliyofanana na tyubu za dari, nazo pia zilififishwa kwa kuwashwa na kuzimwa, kwa kasi isiyopishana sana na hiyo. Malalamiko hayakuwa mengi. Tofauti iko kwenye unga uliopakwa ndani ya ule mrija. Umeme ukikatwa, unga unaendelea kung'aa milisekunde kadhaa, na kabla haujafifia kabisa umeme unarudi. Mwanga ulikuwa unapanda na kushuka taratibu bila kufikia giza. LED haina huruma hiyo. Umeme ukikatwa, mwanga nao unakatika papo hapo. Viwanda vilipohama kutoka mirija kwenda LED, vikaendelea kutumia mwendo uleule wa zamani, na kitu kilichokuwa wimbi laini kikawa kuwaka na kuzima kwa ukali. Ndiyo maana wapo watu waliobadilishiwa monita ya zamani wakapewa mpya, nyembamba na nzuri zaidi, wakaanza kuumwa kichwa, na hakuna aliyewasadiki.

Lakini ikiwa jicho haliwezi kuona mara 240 kwa sekunde, linaumizwaje na kitu lisichokiona? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika namna tunavyosoma. Jicho halitelezi juu ya mstari wa maandishi. Linaruka. Linatua kwenye neno, linakaa robo ya sekunde hivi, linaruka maneno machache mbele, linatua tena. Kila mruko wa kusoma unachukua kama milisekunde 30. Skrini yenye mwanga usiokatika, wakati wa mruko huo, inapaka kwenye retina ukungu mmoja mfululizo, na ubongo umezoea kuupuuza. Skrini yetu ya mara 240 inawaka takriban mara saba ndani ya mruko mmoja. Badala ya ukungu, retina inapigwa chapa saba za maandishi yaleyale, kila moja ikiwa pembeni kidogo ya mwenzake. Ubongo huzizima nyingi, si zote. Na mruko kama huo unajirudia mara tatu au nne kila sekunde, saa nzima, siku nzima ya kazi.

Unaweza kuyaona haya mwenyewe barabarani usiku. Gari lenye taa nyekundu za LED likikupita, hamisha macho kwa haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa magari mengi utaona vidoti vyekundu vimejipanga mstari, wakati taa yenyewe ukiikodolea inaonekana imetulia. Watafiti wameonyesha kwamba macho yakiwa katika mruko yanaweza kugundua mwanga unaowaka na kuzima zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, ilhali yakiwa yametulia yanashindwa hata kufika 100.

Kwamba jambo hili linaumiza watu limejulikana tangu kabla ya monita za leo. Mwaka 1989, mtafiti wa Kiingereza Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa ofisini, kuhusu tyubu za dari. Tyubu za kawaida kwenye umeme wa Hz 50, ambao ndio umeme wetu Afrika Mashariki pia, hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Walipowekwa chini ya tyubu zilizoendeshwa kwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, bila kuambiwa lipi ni lipi, wafanyakazi waliripoti maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yaliyopungua kwa nusu au zaidi. Utafiti huo ndio ninaourudia kila ninaposikia mtu anaambiwa kwamba anajisingizia.

Mwaka 2015, taasisi ya wahandisi wa umeme IEEE ilitoa mwongozo uitwao IEEE 1789 kuhusu kuwaka na kuzima kwa taa za LED. Uliandikwa kwa ajili ya taa za majumbani na barabarani, lakini wapimaji wa skrini wameuchukua kwa sababu hakuna uliokaribia zaidi. Kwa taa inayozima kabisa, mwongozo unasema hatari inakuwa ndogo ukivuka mara 1,250 kwa sekunde, na ukivuka 3,000 hakutarajiwi madhara. Kwa mwendo wa mara 240, kiasi kinachovumilika cha mwanga kupanda na kushuka ni asilimia 19 tu. Skrini inayozima kabisa inapanda na kushuka kwa asilimia 100, yaani zaidi ya mara tano ya kiwango hicho.

Watu hawalingani katika hili. Wawili wanaweza kukaa ofisi moja mbele ya monita za namna moja, mmoja akaondoka jioni akiwa na paji la uso zito na kichefuchefu, mwenzake asihisi chochote. Wenye kipandauso kwa kawaida huathirika zaidi. Kama wewe hujawahi kusumbuka, huna sababu ya kuitupa skrini yako. Haya yaliyobaki ni kwa wale wanaosumbuka.

Kabla ya kwenda dukani, tuiondoe mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu pesa. Boksi la monita huandikwa Hz 60, Hz 75, Hz 144 na kuendelea. Hiyo ni idadi ya mara ambazo picha inabadilishwa kila sekunde. Haihusiani na taa. Monita ya Hz 60 inaweza kuwa na taa isiyozima kabisa, na monita ya Hz 144 ya wacheza gemu ikawa na taa inayozima mara 240 kwa sekunde. Mtu akinunua Hz nyingi ili macho yapumzike, atapata picha inayoteleza vizuri, na maumivu yakabaki palepale.

Kipimo cha kweli unacho mfukoni. Simu nyingi zina kamera yenye sehemu ya kurekebisha mambo kwa mkono, huandikwa Pro au Manual. Ndani yake kuna kasi ya shata, inayoandikwa kwa sehemu za sekunde kama 1/60, 1/250, 1/1000. Weka 1/1000 au haraka zaidi. Kamera ya simu haipigi picha yote kwa mkupuo. Inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo taa ikiwa imewaka wakati mistari ya juu inasomwa, ikazima ikifika ya katikati, picha itatoka na mikanda: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Taa isiyokatika haina mikanda.

Nilifuatana na dada mmoja mhasibu kwenda Kariakoo, kwenye duka la monita zilizotumika, zile zinazoingia kwa makontena baada ya ofisi za Ulaya kuzibadilisha. Bei yake ni nzuri na nyingi bado zina afya, lakini nyingi pia ni za ile miaka ambayo LED ilikuwa changa. Zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zimewashwa, zote zinang'aa kwa asilimia 100, kwa sababu skrini inayong'aa ndiyo inayovuta mteja. Hapo ndipo mtu anapokosea bila kujua, maana kwa asilimia 100 hata ile mbaya kabisa haizimi.

"Kaka, naomba uniwekee ukurasa mweupe, kisha nishushe mwangaza," alisema.

"Dada, utaiona nyeusi bure. Hizi mali safi, zimetoka Ulaya."

"Najua ni safi. Nyumbani naitumia usiku, sitaiwasha hivi."

Akafungua ukurasa mtupu, dada akabonyeza vitufe vya chini ya fremu hadi mwangaza ukafika 25, akainua simu. Kwenye monita ya kwanza, ile aliyokuwa ameipenda kwa wembamba wake, mikanda myeusi minene ilijipanga kwenye kioo cha simu, myeupe katikati yake myembamba. Akapandisha mwangaza hadi 60. Mikanda ilibaki idadi ileile, lakini myeusi ikakonda na myeupe ikanenepa. Akapandisha hadi 100, ikatoweka. Muuzaji, ambaye hadi hapo alikuwa anatazama pembeni, alisogea akaomba naye aone.

Kule kunenepa na kukonda ndiko kunakothibitisha, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu mikanda peke yake inaweza kukudanganya. Taa za dari za dukani nazo mara nyingi huwaka na kuzima, na mwanga wake ukiangukia kwenye kioo unaweza kuchora mikanda isiyo ya skrini. Elekeza simu kwenye ukuta kwanza. Ukiona mikanda ukutani, hiyo ni ya dari, na utahitaji kuikinga skrini au kusogea kwenye kivuli. Vilevile skrini nzuri inaweza kuonyesha mstari mmoja hafifu unaotambaa, ambao ni picha tu inabadilishwa. Mstari huo haubadiliki unene ukigusa mwangaza. Mikanda ya taa inabadilika, na haina namna nyingine ya kueleweka.

Simu ikikosa sehemu ya shata, tumia kalamu. Kaa penye kiza, skrini ikiwa nyeupe na mwangaza umeshushwa, kisha ipeperushe kalamu mbele yake haraka huku na huku. Mbele ya mwanga uliotulia utaona ukungu mmoja. Mbele ya taa inayozima polepole utaona kalamu nyingi zimetengana, kila moja na ukingo wake. Kipimo hiki kinakamata zile mbaya za mara 200 na kitu, lakini kinapitwa na zile za kasi kubwa.

Ukishafika nyumbani na ukataka kujua kasi kamili, kuna mbinu ninayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote cha ziada. Tengeneza picha nyeusi tii yenye mstari mmoja mweupe mwembamba uliosimama katikati, uijaze kwenye skrini. Weka mwangaza 25, zima taa za chumbani, weka shata ya kamera 1/10. Sasa bonyeza kupiga huku ukiizungusha simu kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo mmoja. Kama taa haikatiki, mstari utageuka kuwa utepe mpana wa kijivu. Kama inakatika, utapata mistari mingi iliyosimama kando kwa kando, kila mmoja ukiwa ni taa imewaka mara moja. Ihesabu yote iliyomo. Ikiwa 24 ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, taa inawaka mara 240 kwa sekunde. Sharti ni moja: mstari uanze na kumalizikia ndani ya picha, usitoke ukingoni, la sivyo utahesabu pungufu. Ikiwa mistari imebanana mno huwezi kuihesabu, zungusha simu kwa kasi zaidi au tumia 1/20 na kuzidisha kwa 20.

Kwa anayenunua mpya, mambo yamekuwa mepesi. Kuanzia mwaka 2013 hivi, makampuni kama BenQ yalianza kutangaza monita zenye maneno Flicker-Free, na leo ni kawaida kuyakuta hata kwenye za bei ya chini, wakati mwingine pamoja na nembo ya wakaguzi wa Kijerumani, TÜV Rheinland. Nembo hiyo ninaipa uzito kuliko maneno matupu ya boksi, kwa kuwa kuna mtu wa nje aliyepima. Lakini maneno Flicker-Free hutumiwa pia kwa njia ya mchanganyiko, ambapo taa inafifishwa kwa kupunguziwa umeme kwa sehemu kubwa, kisha ikifika chini sana, pengine asilimia 20 au 30, inaanza kuzimwa na kuwashwa kwa kasi kubwa. Kwa watu wengi hilo linatosha. Aliye mwepesi sana wa kuumia aipime mpaka chini kabisa, kwenye 10 na kwenye 0, asiishie kwenye 25.

Kama jina la modeli unalo, litafute kwa wapimaji wanaotumia vyombo, kwa mfano RTINGS kwa monita na Notebookcheck kwa kompyuta za mkononi. Wao huonyesha mchoro wa mwanga unavyokwenda kwa muda, na kiwango cha mwangaza ambacho kuzima kunaanzia. Mchoro ulio kama mstari tambarare ndio unaoutaka. Ukiwa na meno marefu yanayogusa chini, achana nayo.

Kuna mtego mmoja ndani ya menyu ya monita za gemu. Huitwa MPRT, Motion Blur Reduction au jina jingine la kampuni, na kazi yake ni kupunguza ukungu wa vitu vinavyokimbia kwa kuizima taa kwa makusudi kila picha inapobadilika. Kwenye monita ya Hz 144 maana yake taa inazima mara 144 kwa sekunde, chini hata ya zile monita kuukuu. Monita inaweza kuwa na nembo halali kabisa, na kitufe hiki kikiwa kimewashwa nembo hiyo haikusaidii. Dalili yake ni kwamba skrini inafifia ghafla unapokiwasha, na mara nyingi kitufe cha mwangaza kinakataa kufanya kazi. Kizime.

Skrini za OLED ni habari nyingine, kwa kuwa kila nukta inawaka yenyewe. Kwenye simu, nyingi zinapofifishwa huzima na kuwaka, zile za awali mara 240 kwa sekunde na baadhi ya mpya mara 1,920 hadi 3,840. Monita za OLED kwa kawaida huwa na mteremko mdogo tu wa mwanga kila picha inapobadilishwa. Bei yake bado kubwa, na kwa kazi ya maandishi ofisini monita ya LCD yenye taa iliyotulia inatosha.

Vipi basi kwa aliyekwisha kununua, na fedha ya nyingine haipo? Kuna dawa ya bure. Pandisha mwangaza wa monita hadi 100, ili taa isizime, kisha punguza weupe wa picha kwa njia nyingine. Kwenye menyu ya monita, shusha kitufe kinachoitwa Contrast. Au tumia kompyuta. Kwenye Linux inayotumia X11, amri ni hii, jina la tundu likiwa lile linaloonyeshwa ukiandika `xrandr` peke yake:

```
xrandr --output HDMI-1 --brightness 0.73
```

Namba 0.73 nimeichagua kwa hesabu. Monita nyingi za ofisini zikiwa 100 hutoa mwanga wa takriban kandela 250 kwa mita ya mraba, na chumba cha kawaida kinahitaji kama nusu yake. Lakini namba ya rangi haiendi sambamba na mwanga, 0.73 ndiyo inayoleta nusu ya mwanga, wakati 0.5 ingeleta karibu moja ya tano. Kwenye Windows programu za kufifisha skrini hufanya kazi hiyohiyo. Gharama ya njia hii ni kwamba nyeusi haitakuwa nyeusi, kwa kuwa taa ya nyuma inawaka kwa nguvu zote na kioo huvujisha kidogo. Picha zitapauka. Kwa barua pepe na majedwali ya hesabu hutaona tofauti ya maana. Chumba nacho kipe mwanga zaidi, taa ya pembeni isiyomulika kioo, ili usihitaji kuishusha skrini sana.

Miwani ya kuchuja mwanga wa buluu, inayouzwa kwa bidii siku hizi, haigusi tatizo hili. Haiizuii taa kuzima. Na mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yalikuta kwamba kwa muda mfupi pengine haipunguzi uchovu wa macho ukilinganisha na miwani ya kawaida. Fedha hiyo afadhali iende kwenye monita.

Yule dada hakununua ile nyembamba. Ya tatu aliyoipima, nene kidogo na yenye mkwaruzo kwenye fremu, ilibaki nyeupe safi kwenye simu hata kwa asilimia 10, na ndiyo aliyobeba. Baadaye aliniambia kwamba ule uzito wa paji la uso uliokuwa unamjia kila jioni ya kufunga hesabu umekwisha. Macho kuwasha kulibaki, na hilo halikuwa la taa: mtu akikodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka. Kwa hilo alikwenda kupimwa, akapewa miwani ya kusomea ambayo alikuwa anaihitaji kwa muda mrefu, akaambiwa aishushe skrini chini ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho.